Kubana picha isizidi kilobaiti 100: tafuta ubora kwa kukata nusu

Fomu imeandika "picha isizidi 100 KB", na picha uliyopiga kwa simu ina megabaiti tatu na ushee. Unaipitisha kwenye programu ya kubana, inatoka na KB 143. Fomu inakataa. Unaibana tena ile ile iliyokwisha kubanwa, sasa inatoka na KB 38 na uso umekuwa kama umepakwa unga. Fomu inakubali, lakini wewe mwenyewe huipendi, na atakayeiangalia huenda akairudisha.

Kinachokosekana hapo ni utaratibu, maana programu nyingi zitakuuliza tu "ubora kiasi gani?", kati ya 1 na 100, na hakuna anayejua mapema ubora wa 80 utazaa baiti ngapi. Picha mbili za vipimo sawa, zilizohifadhiwa kwa ubora ule ule, zinaweza kupishana ukubwa mara mbili au tatu: moja ni uso mbele ya ukuta mweupe, nyingine ni uso mbele ya majani. Hivyo jibu halikadiriwi, linatafutwa. Habari njema ni kwamba kulitafuta huchukua majaribio saba, hayazidi.

Kwanza punguza pikseli, ndipo ushike ubora

Ukubwa wa faili ya JPEG unaongozwa na vitu viwili unavyoweza kuvigusa: idadi ya pikseli, na kiwango cha ubora. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuacha pikseli zote zilivyotoka kwenye simu, kisha kuteremsha ubora mpaka chini kabisa akitumaini utafika. Hautafika, au ukifika picha itakuwa imeharibika.

Sababu iko ndani ya JPEG yenyewe. Inaikata picha kwenye miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, kisha inaandika kila mraba peke yake, mwangaza mbali na rangi mbali. Hata mraba usio na kitu lazima uandikwe kwamba hauna kitu. Kwa majedwali ya kawaida ambayo JPEG hutumia kugeuza miraba kuwa biti, mraba mtupu wa mwangaza hula biti 6 na mraba mtupu wa rangi hula biti 4. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina miraba ya mwangaza ipatayo 188,000, na ya rangi nusu ya hiyo. Piga hesabu uone: biti milioni moja na nusu, yaani karibu baiti 188,000. Hiyo ni karatasi nyeupe tupu, haina uso, haina nguo, na tayari imekaribia kuzidi kikomo chako mara mbili. Programu ikiboresha majedwali yake itashuka chini ya hapo, lakini nafasi itakayobaki kwa ajili ya sura ya mtu ni ndogo mno.

Picha hiyo ikipunguzwa kuwa 600 kwa 800, gharama ya miraba mitupu inashuka hadi karibu baiti 8,000. Baiti 92,000 zinazobaki zote zinatumika kuchora sura.

Kipimo gani basi? Kama fomu imetaja upana na urefu, jibu umeshapewa, fuata huo huo. Kama haikutaja, mimi huanza na kanuni hii: kila pikseli ipate kati ya biti 1 na 2. Baiti 100,000 ni biti 800,000, kwa hiyo picha iwe na pikseli kati ya laki nne na laki nane. Upana wa 600 na urefu wa 800 unatoa pikseli 480,000, hapo kila moja ina biti 1.67. Kwa picha ya uso hapo ni pazuri pa kuanzia. Kikomo kikiwa KB 50, gawanya idadi ya pikseli kwa mbili pia, si upana kwa mbili. Ukipunguza upana kwa nusu bila kuharibu uwiano, urefu nao unapungua nusu, na pikseli zinabaki robo.

Kama picha inahitaji kukatwa pembeni ili ibaki kichwa na mabega, kata kabla ya kupunguza. Ukuta uliokatwa hauli baiti hata moja.

Kilobaiti ni baiti ngapi?

Swali hili linaonekana la kitoto mpaka likukwamishe. Kuna wanaohesabu kilobaiti moja kuwa baiti 1,000 na kuna wanaohesabu 1,024. Windows inatumia 1,024 na Finder ya Mac inatumia 1,000, kwa hiyo faili moja ya baiti 101,420 itasomeka 99 KB kwenye sifa za faili za Windows na 101 KB kwenye Mac. Fomu nayo ina hesabu yake ambayo hukuandikiwa.

Dawa ni kuachana na kilobaiti na kusoma baiti. Ukibofya kulia faili kwenye Windows na kufungua `Properties`, baiti kamili zimeandikwa kwenye mabano mbele ya `Size`. Mstari wa chini yake, `Size on disk`, uache. Huo ni nafasi ambayo diski imeitenga, na fomu haiuangalii. Weka lengo lako kuwa baiti 100,000 au pungufu, na utapita kwa hesabu zote mbili. Unapoteza baiti 2,400 ambazo jicho halitazidai.

Angalia pia kama fomu ina kikomo cha chini. Zipo zinazotaka "kati ya 20 KB na 100 KB", na mtu aliyebana kwa pupa hadi KB 15 anakataliwa akidhani faili bado ni kubwa.

Kutafuta kwa kukata nusu, hatua kwa hatua

Wazo ni lile la kutafuta neno kwenye kamusi: hufungui ukurasa wa kwanza, unafungua katikati, unaona neno lako liko mbele au nyuma, unaacha nusu moja, unafungua katikati ya iliyobaki. Linafanya kazi hapa kwa sababu ubora ukipanda ukubwa wa faili nao hupanda. Jaribio moja linakuambia kuhusu namba nyingi kwa pamoja. Kama ubora wa 48 unaingia, basi 47, 30 na 12 zote zinaingia na huna haja ya kuzijaribu.

Anza na chini 1 na juu 95. Sivuki 95, maana juu ya hapo faili inavimba kwa kasi na jicho halioni faida. Kisha rudia haya:

1. Jumlisha chini na juu, gawanya kwa mbili, acha nusu kama ipo. Hiyo ndiyo namba ya kujaribu.
2. Hifadhi picha kwa ubora huo, soma baiti.
3. Ikiwa imeingia, iweke kando kama bora ya sasa, na chini iwe namba hiyo ongeza 1.
4. Ikiwa imezidi, juu iwe namba hiyo toa 1.
5. Chini ikiipita juu, umemaliza. Ile uliyoiweka kando mwisho ndiyo yako.

Tuone mfano mmoja mpaka mwisho. Picha ya uso, ukuta wa rangi moja nyuma, shati lenye mistari myembamba. Imetoka kwenye simu na pikseli 3000 kwa 4000, nimeipunguza kuwa 600 kwa 800. Lengo ni baiti 100,000.

Jaribio la kwanza ni 48, katikati ya 1 na 95. Linatoa baiti 46,210. Limeingia, na nafasi bado ni kubwa, kwa hiyo chini inakuwa 49. Katikati ya 49 na 95 ni 72: baiti 67,940, limeingia. Chini 73, katikati 84: baiti 93,480, limeingia tena. Hapa mtu mwenye haraka angesimama, na asingekosea sana. Lakini twende. Chini 85, katikati 90: baiti 124,300, limezidi. Ona jinsi ilivyoruka. Kutoka 72 hadi 84, ngazi 12, tuliongeza baiti 25,000 na ushee, na kutoka 84 hadi 90, ngazi 6 tu, tumeongeza zaidi ya 30,000. Ndivyo namba za ubora zilivyo: chini zinatembea, juu zinakimbia. Ndiyo maana kubahatisha kunasumbua zaidi kwenye eneo hilo la 80 kwenda juu, ambako picha ndogo nyingi huangukia.

Juu sasa ni 89. Katikati ya 85 na 89 ni 87: baiti 106,650, limezidi. Juu 86, katikati ya 85 na 86 ni 85: baiti 96,870, limeingia. Chini 86, na juu pia ni 86, tunajaribu hiyo hiyo: baiti 101,420, limezidi. Juu inashuka kuwa 85, chini ni 86, vimepishana. Jibu ni ubora wa 85, baiti 96,870, kwa majaribio saba.

Ile 86 ndiyo faili niliyoitaja juu, ya 99 KB kwa hesabu moja na 101 KB kwa nyingine. Ungeangalia kwenye Windows ungeona imeingia, ukaipakia, na pengine ikakubaliwa, pengine ikakataliwa bila maelezo. Tofauti ya 85 na 86 huwezi kuiona hata ukisogeza pua kwenye skrini. Chukua 85.

Kwa mkono, ukitumia GIMP

Huhitaji kuandika programu. GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha, na ina kitu kimoja kinachofanya kazi hii iwe nyepesi: inakuonyesha ukubwa wa faili kabla hujaihifadhi.

Fungua picha ya asili. Ikikuuliza kama izungushe picha, kubali. Nenda `Image > Scale Image`, andika upana 600, hakikisha alama ya mnyororo kati ya upana na urefu imefungwa ili uso usivutike. Kisha `File > Export As`, andika jina linaloishia na `.jpg`, na bonyeza `Export`. Kwenye dirisha linalofuata kuna kitelezi cha `Quality`. Weka alama kwenye `Show preview in image window`, na ukubwa wa faili utaonekana hapo hapo. Sasa andika 48, soma, andika 72, soma, endelea hivyo. Majaribio saba yanakwisha kabla ya chai kupoa.

Kabla ya kuanza kusoma namba, ondoa alama kwenye visanduku vya Exif, XMP na thumbnail. Hizo ni taarifa zinazosafiri na picha: simu gani, saa ngapi, pengine mahali ulipopigia, na kijipicha kidogo kilichofichwa ndani. Sehemu ya Exif peke yake inaweza kufika karibu kilobaiti 64. Nimewahi kukaa na mdogo wangu tukiteremsha ubora wa picha yake kutoka 60 hadi 20 na namba ikawa haishuki inavyotakiwa, mpaka nilipogundua kwamba sehemu kubwa ya faili haikuwa picha hata kidogo. Dalili yake ndiyo hiyo: ubora unashuka sana, faili inashuka kidogo.

Jambo jingine, 85 ya GIMP si lazima iwe 85 ya programu nyingine. Kila programu ina namna yake ya kugeuza namba hiyo kuwa hesabu za ndani, na nyingine zina vipimo vya 0 hadi 12 badala ya 100. Kwa hiyo usimpe mwenzako ushauri wa "tumia 85". Mpe utaratibu, namba ataipata mwenyewe.

Kwa amri moja, au kwa programu fupi

Aliye na ImageMagick hana haja ya kukata nusu mwenyewe, maana imejengewa utafutaji huu ndani:

```
magick asili.jpg -auto-orient -resize 600x800 -strip -define jpeg:extent=98KB tayari.jpg
```

Nimeweka 98 badala ya 100 ili kuwe na nafasi ya kupumua. `-auto-orient` inaisimamisha picha wima kabla `-strip` haijafuta taarifa zake. Ukiiacha, picha iliyopigwa simu ikiwa imesimama wima inaweza kutoka imelala, kwa sababu simu nyingi hazizungushi pikseli, zinaandika tu kwenye Exif kwamba "nizungushe". Ukifuta maandishi hayo hakuna tena anayejua.

Kama una picha nyingi, au unataka kuona kila jaribio, Python pamoja na Pillow inatosha:

```python
from io import BytesIO
from PIL import Image, ImageOps

KIKOMO = 100_000
picha = Image.open("asili.jpg")
picha = ImageOps.exif_transpose(picha).convert("RGB")
picha.thumbnail((600, 800))

chini, juu, bora = 1, 95, None
while chini <= juu:
    kati = (chini + juu) // 2
    b = BytesIO()
    picha.save(b, "JPEG", quality=kati, optimize=True)
    data = b.getvalue()
    print(kati, len(data))
    if len(data) <= KIKOMO:
        bora, chini = data, kati + 1
    else:
        juu = kati - 1

if bora:
    with open("tayari.jpg", "wb") as f:
        f.write(bora)
else:
    print("Haikuingia: punguza pikseli")
```

Kitu cha kuangalia hapa ni kwamba kila jaribio linaanza na `picha` ile ile iliyoko kwenye kumbukumbu, halianzi na faili ya jaribio lililopita. Kubana kilichobanwa kunarundika madoa juu ya madoa, na namba unazosoma haziaminiki tena. Hata kwa mkono iwe hivyo: ukikosea, rudi kwenye asili. `optimize=True` ndiyo yale majedwali yanayoboreshwa. Inapunguza baiti bila kugusa picha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha.

Jaribio hufanyika kwenye kumbukumbu, haliandiki chochote kwenye diski mpaka jibu lipatikane, hivyo hutabaki na folda iliyojaa faili saba zenye majina yanayofanana. Kama asili ni PNG yenye sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma yake, `convert("RGB")` inaweza kuzigeuza nyeusi. Bandika picha juu ya mandhari nyeupe kwanza.

Jibu likitoka, lisome

Namba iliyopatikana inakuambia kitu kuhusu vipimo ulivyochagua. Ikitoka chini ya 60 hivi, pikseli ulizoacha ni nyingi kuliko baiti zinavyoweza kuzilisha. Kuza picha hadi asilimia mia na uangalie kwenye ukingo wa nywele na kola ya shati: utaona viwimbi vya kijivu kandokando ya mistari, na kwenye shavu utaona miraba ya 8 kwa 8 ikianza kujitokeza kama vigae. Punguza upana kutoka 600 hadi 480. Hiyo ni asilimia 80 ya upana lakini asilimia 64 ya pikseli. Kisha tafuta upya, ubora utapanda. Picha ndogo kidogo iliyo safi inamshinda mwenzake mkubwa mwenye vigae.

Ikitoka 95 na faili ina baiti 60,000 tu, una nafasi hujaitumia. Kama fomu haikuweka vipimo, ongeza upana, tafuta tena. Mimi huridhika jibu likiwa kati ya 75 na 90.

Nyaraka zilizopigwa picha, kama cheti au kitambulisho, zina tabia nyingine. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe ndizo JPEG inazozichukia, maana kila ukingo mkali unazaa viwimbi. Hapo huwezi kupunguza pikseli ovyo kwa sababu maandishi madogo yatafutika. Kinachosaidia ni kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe yenye vivuli, ambapo miraba yote ya rangi inaondoka. Kwenye programu ya juu badilisha `"RGB"` iwe `"L"`. Kata pembe zote zisizo karatasi, na piga picha kwenye mwanga wa kutosha. Chenga za gizani zinakula baiti kama vile ni maandishi.

Mwisho wa yote, usiipitishe faili iliyokamilika kwenye programu ya kutumiana ujumbe kwa njia ya kawaida ya picha ili ifike kwenye simu. Nyingi hubana upya na kubadilisha vipimo bila kukuuliza. Itume kama hati au faili, au kwa waya. Ikifika, soma baiti tena. Kama haziko 96,870 kamili, faili uliyonayo si ile uliyoitengeneza.